Picha ya Madeni Iliyotoka Amerika

Mwaka jana mzee mmoja wa Eringeti alitujia jioni, simu mkononi, akiwa na huzuni kubwa. Alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa shamba lake la kakao, na alitaka tumwandikie hati ya kuuza. Tulipomwuliza sababu, alitufungulia simu na kutuonyesha picha. Katikati ya picha palikuwa na nusu duara yenye rangi nyekundu, manjano na kijani, na chini yake tarakimu 571, na neno moja la Kiingereza, "Poor". Mwanawe ndiye aliyeipiga kwenye kioo cha simu yake kule Amerika na kumpelekea, pamoja na maneno haya: «Baba, nimeandikwa mdeni mbaya, sitapata mkopo. Kuna bwana asemaye ataniondolea jambo hilo kwa dola 900.»

Kijana huyo tutamwita Kambale, wala hatumfichui mtu kwa kusema hivyo, maana wasomaji wetu wanajua kwamba kwa Wanande jina hilo ni la mtoto wa kiume wa pili, na ya kuwa katika soko la Beni ukiita «Kambale!» watageuka watu kumi. Jambo hilo la jina tutalirudia, kwani ndilo lililokuwa mzizi wa taabu yake. Aliondoka Eringeti katika vurugu zile za mauaji zilizoanza mwaka 2014, akavuka mpaka, akakaa miaka kadhaa katika kambi ya Kyangwali, Uganda, na mwezi wa Agosti 2022 akapokewa Amerika pamoja na mkewe na watoto watatu. Sasa anafanya kazi ya usiku katika ghala, mahali pasipofika basi saa zile, naye alitaka mkopo wa dola 12,000 anunue gari lililokwisha kutumika. Muuzaji wa magari alimjibu kwamba mkopo upo, lakini kwa riba ya 18 kwa mia. Kwa miezi 60 angelipa karibu dola 305 kila mwezi, na jumla yake ni zaidi ya 18,200. Ndipo alipofungua taarifa yake ya madeni na kuona rangi nyekundu.

Tulimwomba mzee asiuze kitu kwanza. Kisha tukamwandikia Kambale atupelekee kurasa zote, si ile picha ya rangi peke yake. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Nusu duara ile ni kama dari ya nyumba: huonekana kwanza, lakini haikuambii mna nini ndani. Tulimwonya pia afunike kwa kidole au kwa rangi namba yake ya Social Security kabla ya kupiga picha, kwa maana mwenye namba hiyo na tarehe ya kuzaliwa aweza kukopa kwa jina la mwingine.

Tueleze kwanza tarakimu. Amerika kuna ofisi tatu kubwa ziandikazo madeni ya watu: Equifax, Experian na TransUnion. Wakopeshaji huzipasha habari kila mwezi: fulani amelipa, fulani hajalipa. Ofisi hizo ni za watu binafsi, si za serikali, wala hazilazimishwi kuwa na habari sawasawa, ndiyo maana deni laweza kuonekana kwa moja na kukosekana kwa nyingine. Kutokana na maandiko hayo hupigwa hesabu, na jawabu lake ni tarakimu kati ya 300 na 850. Mwenye 850 ndiye aaminiwaye kabisa.

Lakini kuna wapigaji hesabu wawili, na kila mmoja ana mipaka yake. Hesabu iitwayo FICO, ambayo wakopeshaji wengi huitumia, yasema hivi: chini ya 580 ni dhaifu, 580 mpaka 669 ni ya wastani, 670 mpaka 739 ni nzuri, 740 mpaka 799 ni nzuri sana, na kutoka 800 ni bora kabisa. Hesabu ya pili ni VantageScore, ambayo programu nyingi za simu huionyesha bure. Katika programu aliyoitumia Kambale ngazi nzuri ilianza 661, nayo ngazi ya chini kabisa iliishia 600. Basi mtu mmoja, siku moja, aweza kuambiwa na simu yake kwamba yu mwema, na kuambiwa na mkopeshaji kwamba ni wa wastani tu, wala hakuna aliyesema uongo. Kwa hiyo kabla ya kuitazama rangi, tafuteni herufi ndogo chini ya tarakimu. Kwa Kambale ziliandikwa "VantageScore 3.0", na jina la ofisi moja kati ya zile tatu, pamoja na tarehe. Picha isiyo na tarehe haina maana kubwa, maana tarakimu hubadilika kila mara habari mpya ziingiapo.

Siku mbili baadaye kurasa zikafika. Tulizisoma pamoja na mzee na binti yake aliyesoma Kiingereza katika sekondari. Hatukuanza kwenye madeni, bali kwenye ukurasa wa mwanzo ambao watu huuruka, ule wa majina na makao. Jina lilikuwa sawa. Tarehe ya kuzaliwa: 1 Januari. Mzee akacheka kidogo, kwa maana mwanawe alizaliwa wakati wa mvua, si mwezi wa Januari. Lakini wakimbizi wengi wasiokuwa na hati huandikiwa tarehe hiyo, nayo huwafuata maisha yao yote. Chini ya hapo paliandikwa makao matatu. Mawili Kambale aliyajua, nyumba ya kwanza na ile aliyohamia mwisho wa mwaka 2023. La tatu lilikuwa katika mji mwingine, jimbo jingine, ambako hajakanyaga.

Makao ya kigeni katika ukurasa wa kwanza ndiyo dalili ya kwanza kwamba habari za watu wawili zimechanganywa. Mashine za ofisi hizo hulinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa, makao na namba, na zikiona vitu vingi vinafanana zaweza kuhesabu watu wawili kuwa mmoja. Fikirini sasa juu ya watu wetu: majina ya kuzaliwa yaliyo machache, tarehe moja ya 1 Januari, na makarani wa kigeni wanaoligeuza jina la mwisho kuwa la kwanza. Si ajabu Kambale mmoja akibebeshwa mzigo wa Kambale mwingine.

Ndipo tukafika kwenye madeni yenyewe. Yalikuwa matatu.

La kwanza lilikuwa deni la safari. Labda si wasomaji wote wanaojua kwamba mkimbizi apelekwaye Amerika huandikishwa hati ya ahadi kabla ya kupanda ndege: nauli yake na ya jamaa yake hutolewa na shirika la kimataifa la uhamiaji, lile liitwalo IOM, kama mkopo usio na riba, na malipo huanza miezi sita baada ya kufika. Kambale aliandikiwa dola 5,200 za watu watano, kulipwa kwa miezi 46, yaani dola 113 kila mwezi. Deni hilo hupelekwa kwenye ofisi za madeni, na kwa wengi wa ndugu zetu ndiyo maandiko yao ya kwanza huko. Akilipa vema, linamjengea jina; akizembea, linambomolea.

Chini ya deni hilo palikuwa na safu za visanduku vidogo, kimoja kwa kila mwezi. Vyote vilikuwa na alama ya kijani, ila kimoja, cha Machi 2024, kilichokuwa na tarakimu 30 kwa rangi ya manjano. Kambale alidhani anadaiwa bado dola 30. Mzee alidhani ni tarehe. Sivyo. Tarakimu hiyo huhesabu siku za kuchelewa: 30 maana yake malipo yamechelewa siku 30 au zaidi lakini hayajafika 60, kisha huja 60, kisha 90, kisha 120. Atakayelipa siku tano au ishirini baada ya tarehe aweza kutozwa faini na mkopeshaji, lakini hataandikwa kwenye taarifa, kwa kuwa alama haiandikwi kabla ya siku 30 kutimia.

Tuliihesabu pamoja naye. Malipo ya 1 Februari 2024 hayakutolewa, maana alikuwa amehama bila kupeleka habari za makao mapya, na karatasi za kudai zilikwenda kwenye nyumba ya zamani. Mwisho wa Februari ilikuwa siku 28, hakuna alama. Mwisho wa Machi ilikuwa siku 59, ndiyo ile 30. Tarehe 10 Aprili jirani wa zamani alimletea barua, naye akalipa yote siku hiyo hiyo. Mwisho wa Aprili kisanduku kikarudi kuwa cha kijani. Laiti angaliacha mwezi mmoja tena, safu ingalikuwa na 30, kisha 60, na kila hatua hushusha tarakimu kuliko ile iliyotangulia. Mwenye alama moja ya 30 bado aweza kusema alisahau. Mwenye ngazi nzima aonekana kuwa mtu aliyeshindwa.

Je, alama hiyo yaweza kufutwa? Hapana, kwa kuwa ni ya kweli. Itakaa miaka saba, mpaka 2031, ingawa uzito wake hupungua kadiri inavyozeeka. Aweza kumwandikia mkopeshaji barua ya heshima, kueleza habari ya kuhama na kuomba aiondoe kwa hisani, na wengine hukubali. Lakini si haki yake, ni ombi.

Deni la pili lilikuwa kadi ndogo ya benki yenye kikomo cha dola 300, ambayo aliweka mwenyewe dola 300 za rehani ili aipate. Visanduku vyote kijani. Ila palikuwa na jambo dogo: mwezi ule alikuwa ametumia 270 kati ya 300. Katika hesabu ya FICO historia ya kulipa huchukua 35 kwa mia, na kiasi cha deni kinachotumika huchukua 30 kwa mia. Kwa hiyo kadi iliyojaa karibu na ukingo hushusha tarakimu hata kama hukuchelewa siku moja. Jambo hilo ni jepesi kuliko yote, maana akilipa kabla ya siku ile benki inapopeleka habari, mwezi ufuatao hupona.

Tukafungua deni la tatu, na binti akanyamaza. Lilikuwa kadi nyingine, deni lake dola 2,340. Visanduku vyake vilikwenda hivi: kijani, kijani, 30, 60, 90, 120, na baada ya hapo herufi mbili nyekundu, "CO". Herufi hizo maana yake mkopeshaji amekata tamaa na kuliandika deni katika vitabu vyake kama hasara. Msidhani amesamehe! Deni lingalipo, na mara nyingi huuzwa kwa wadai wengine. Ila kwa msomaji wa taarifa, "CO" ni mojawapo ya alama mbaya kabisa zinazoweza kuandikwa.

«Hii si yangu,» aliandika Kambale. Lakini kila mdaiwa duniani husema hivyo, na ofisi za madeni zimezoea kulisikia. Ushahidi ulikuwa wapi? Ulikuwa katika mstari mmoja wa juu, usiosomwa na mtu: "Date opened", tarehe ya kufunguliwa. Kadi ilifunguliwa Mei 2019. Mwezi wa Mei 2019 Kambale alikuwa akipanga foleni ya maharagwe na unga katika kambi ya Kyangwali, wala hakuwa na namba yoyote ya Amerika. Mzee alipoelewa, alipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaanguka.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa maulizo, ulioandikwa "Inquiries". Huo ndio uliokuwa umemtisha Kambale zaidi, maana aliona majina tisa ya wakopeshaji, saba kati yao asiowajua, nao wote wa siku moja. Alidhani saba wamemkataa, au wezi wametumia jina lake. Tulimwuliza siku ile alikuwa wapi. Alikuwa kwa muuzaji wa magari. Desturi ya wauzaji wengi ni kuchukua ombi moja na kulipeleka kwa wakopeshaji wengi pamoja, na kila mmoja huifungua taarifa ya mwombaji.

Maulizo ni ya namna mbili. Yapo maulizo mazito, ya mkopeshaji aliyeombwa mkopo. Hayo huonekana kwa wote miaka miwili, na moja kwa kawaida hupunguza chini ya alama tano katika hesabu ya FICO, tena kwa mwaka mmoja tu. Na yapo maulizo mepesi, kama mtu mwenyewe anapojitazama, au kampuni inapotaka kumpelekea tangazo. Hayo hayapunguzi kitu, wala wakopeshaji hawayaoni. Wengi wetu huogopa kufungua taarifa yao wenyewe kwa hofu ya kujiharibia. Hofu hiyo haina msingi.

Na yale saba ya siku moja? Wapigaji hesabu wanajua kwamba mtu akitafuta gari hununua moja, si saba. Kwa hiyo maulizo ya mkopo wa gari yaliyokaribiana huhesabiwa kuwa moja: katika hesabu mpya za FICO ndani ya siku 45, katika hesabu za zamani na katika VantageScore ndani ya siku 14. Katika hesabu ya FICO huruma hiyo ni kwa gari, nyumba na masomo. Haipo kwa kadi. Mtu aombaye kadi tano kwa wiki moja huhesabiwa na FICO maulizo matano. Basi maulizo saba yaliyomkosesha Kambale usingizi yalikuwa na uzito wa moja tu, na kilichokuwa kikimzamisha ni "CO" ya mtu asiyemjua.

Tulimshauri asimlipe yule bwana wa dola 900. Sheria ya Amerika ya mwaka 1996 yakataza kampuni za namna hiyo kupokea fedha kabla ya kutimiza kazi zilizoahidi. Atakaye malipo mbele amekwisha kujitambulisha. Tena kazi yenyewe mtu aweza kuifanya bure. Kwanza alifungua AnnualCreditReport.com, mahali ambapo kila mtu aweza kupata taarifa za ofisi zote tatu bila malipo, mara moja kila wiki. Kadi ya kigeni ilikuwamo katika ofisi mbili. Ya tatu haikuwa nayo. Aliandikia zile mbili barua fupi: deni hili, namba yake hii, si langu, lilifunguliwa Mei 2019, nami niliingia nchini Agosti 2022, na makao haya si yangu. Akafunga pamoja nakala ya hati yake ya kuingia, iitwayo I-94, nakala ya kitambulisho, na mkataba wa nyumba. Nakala tu, maana hati zenyewe hazitumwi kwa posta. Alimwandikia pia mkopeshaji wa kadi ile. Barua alizipeleka kwa rejesta, akatunza risiti.

Hakutaja maulizo, wala ile 30 ya Machi. Wapo wanaolalamikia kila mstari usiowapendeza, na karani asomaye barua ya namna hiyo hupata sababu ya kuona yote ni ya ovyo.

Sheria huzipa ofisi siku 30 za kuchunguza. Moja ilijibu siku ya 19 kwamba imefuta kadi na makao. Ya pili ilijibu siku ya 30 kwamba imethibitisha deni ni lake! Hilo hutokea mara nyingi: ofisi humwuliza mkopeshaji, mkopeshaji huona jina na tarehe ya kuzaliwa vinafanana, hujibu ndiyo. Kambale aliandika tena, safari hii akiweka juu kabisa jibu la ofisi ya kwanza, na tarehe mbili zile kwa herufi kubwa. Wiki tano baadaye ikafutwa.

Wakati huo alikuwa amepunguza kadi yake ndogo mpaka dola 40. Picha mpya ilipofika Eringeti ilikuwa na tarakimu 664, na neno "Good" kwa rangi ya kijani. Mzee alifurahi, nasi tukamkumbusha kwamba hiyo ni hesabu ya simu. Kambale hakurudi kwa muuzaji wa magari. Alikwenda kwenye chama cha kuweka na kukopa cha mtaani kwake, kilicho ndugu wa Coopec zetu, na huko hesabu ya FICO ilisema 652, ngazi ya wastani. Walimpa dola 12,000 kwa riba ya 11 kwa mia. Analipa karibu dola 261 kila mwezi badala ya 305, na katika miezi 60 ataokoa zaidi ya dola 2,600.

Shamba la kakao halikuuzwa. Mzee bado anayo ile picha ya kwanza katika simu yake, na juma lililopita alikuja na kijana mwingine wa mtaa wake, ambaye dada yake yuko Kentucky na amepeleka nusu duara nyekundu, bila tarehe, bila jina la ofisi. Kabla hatujafungua kinywa, mzee alimwambia: «Mwandikie akupe kurasa zote, na namba yake aifunike.»